Peji ya mtaa: kipi uachie mtambo, kipi ujibu mwenyewe

Jumamosi niliitwa kuongea na vijana wa kikundi kimoja hapa Kigoma mjini, wana peji ya mtaa Facebook na simu moja yenye WhatsApp Business, wakaniomba dakika ishirini tu niwaambie kipi waweke otomatiki na kipi wajibu kwa mkono. Niliongea karibu saa nzima, mnisamehe. Waliotaka maandishi ndo haya, nimeyaweka kwa hatua ili mtu akae na simu yake afanye huku anasoma.

Nianze na kisa, maana bila hiki kisa hata nisingekuwa na la kusema. Kuna peji ya mtaa nilikuwa nasaidia kuiendesha zamani kidogo. Tulikuwa tumeweka jibu la otomatiki tunajiona wajanja: "Asante kwa kuwasiliana nasi 😊 tumepokea ujumbe wako, tutakujibu hivi punde!" Usiku mmoja kama saa tatu, mama mmoja wa Gungu akaandika kwamba mtoto wake wa miaka saba alitoka jioni kwenda madrasa hajarudi. Peji ikamjibu palepale, asante kwa kuwasiliana nasi na kale kauso kanacheka, tutakujibu hivi punde. Sisi wote tumelala. Yule mama akakaa na simu mkononi akisubiri hiyo hivi punde, akijua kuna mtu ameshasoma na analishughulikia, mpaka alfajiri. Mtoto alikuwa Ujiji kwa shangazi yake, alifuatana na binamu zake akasinzia huko, mambo yakaisha vizuri. Lakini mama alipokuja kutusema hakusema "hamkunijibu", alisema "mlinijibu". Hapo ndo nilielewa. Tungekuwa hatuna jibu lolote angeona kimya, angetoka nje kugonga kwa jirani au kwa mwenyekiti wa mtaa. Jibu letu ndo lilimkalisha kitako.

Kwa hiyo kwenye haya yote ninayosema chini, kosa la mtambo sio kujibu vibaya, ni kumfanya mtu aamini kuna binadamu upande wa pili wakati hayupo.

Hatua ya kwanza: hesabu meseji mia kabla hujagusa setingi

Watu wengi wanaanza kwa kufungua setingi na kuwasha kila swichi wanayoiona. Acha. Chukua daftari, fungua inboksi ya peji na ile ya WhatsApp, rudi nyuma meseji mia moja za mwisho, na kila moja iandike kwa maneno mawili matatu: "anauliza ofisi ya kata", "tangazo la biashara", "msiba", "anagombana", "salamu tu". Kazi ya jioni moja mkiwa watatu na chai.

Mkimaliza mtaona kitu kimoja, maswali yanajirudia kuliko mlivyodhani. Kwetu ilikuwa maswali manne tu ndo yamekula zaidi ya nusu ya daftari: ofisi ya serikali ya mtaa inafunguliwa saa ngapi, natumaje tangazo, usafi wa mwezi huu ni wapi, na boti za Kibirizi zinaondoka saa ngapi.

Sasa kwa kila swali jiulize hivi: jibu linabadilika kutokana na nani anauliza, au linabadilika kutokana na siku? Kama halibadiliki kwa vyote viwili, mtambo unaruhusiwa. Saa za ofisi, namna ya kutuma tangazo, hizo hazibadiliki, akiuliza mwenyekiti akiuliza mwanafunzi jibu ni lile lile. Lakini chukua hilo la boti. Linaonekana rahisi, saa ni saa. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini ukishika ziwani boti zinasubiri, nyingine haziondoki kabisa, na mtu wa kwenda vijiji vya kaskazini akikuta peji imeandika saa fulani atabeba mizigo na watoto ashuke Kibirizi akae mchangani mpaka jioni akikutukana. Hilo tulilitoa kwenye otomatiki, tukaweka tu "saa za boti hubadilika na hali ya ziwa, ulizia pale pale mwaloni kabla hujatoka nyumbani". Yani jibu la otomatiki linaweza kuwa la kusema wapi pa kuuliza, sio lazima liwe jibu lenyewe.

Hatua ya pili: andika upya lile jibu la kwanza

Kwa Facebook unaingia Meta Business Suite, unafungua Inbox, humo ndani utakuta sehemu ya Automations, jibu la mtu akiandika mara ya kwanza linaitwa Instant reply, na la muda ambao hampo linaitwa Away message. Kwenye WhatsApp Business ni kwenye Business tools, huko yanaitwa Greeting message na Away message. Kwenye menyu majina yanahamahama kidogo apu ikisasishwa, usishangae, tafuta tu.

Jibu zuri lina vitu vitatu: linakiri kwamba ni mtambo, linasema binadamu anaingia saa ngapi, na linampa mwenye dharura mlango mwingine. Hili ndo tulilobaki nalo, chukua ubadilishe unavyotaka:

"Salaam. Hili ni jibu la otomatiki, meseji yako bado haijasomwa na mtu. Admini huingia saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku. Kama ni mtoto aliyepotea, ajali au moto usisubiri hapa: piga 112 polisi, 114 zimamoto, 116 kwa jambo la mtoto, na mwambie mwenyekiti wa mtaa wako. Kama ni tangazo andika neno TANGAZO. Kama unauliza ofisi ya mtaa andika OFISI."

Ona haina kauso kanachocheka na haina hivi punde. Wakati tunaongea kijana mmoja alibisha akasema ni kavu mno, watu wa Kigoma wanapenda salamu. Kweli wanapenda, lakini salamu ya mtambo haijui anayesalimiwa kafiwa au kaoa. "Salaam" inatosha kwa wote wawili. Na usiwashe ile ya kuweka jina la mtu otomatiki, maana inachukua jina la kwanza lililoko kwenye akaunti yake, na nyie mnajua akaunti za watu zinavyoitwa, mzee wa heshima zake amefunguliwa akaunti na mjukuu inaitwa Kipenzi Chao, halafu peji inamwandikia "Salaam Kipenzi".

Kwenye WhatsApp kuna vitu viwili vya kujua ambavyo vilitusumbua. Cha kwanza, Greeting message inaenda kwa mtu anayeandika mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14, kwa hiyo aliyewaandikia wiki iliyopita haioni tena, huyo atapata Away message tu kama mmeiwasha. Basi maneno ya dharura yaweke kwenye zote mbili. Cha pili, Away message inatoka kama simu iko hewani na ina intaneti. Bando likiisha usiku, au umeme ukikatika na chaji ikaisha, mtu anaandika hapati chochote. Msiseme "usiku mtambo unalinda", mtambo unalala na bando.

Hatua ya tatu: maswali yanayojirudia

Hapa sina mengi. Facebook ina sehemu ya maswali yanayoulizwa sana humo humo kwenye Automations, mtu akifungua inboksi anayaona anagusa. Weka matatu au manne usizidishe. WhatsApp Business ina Quick replies, zinafika mpaka 50 ila ukiweka 50 hutazikumbuka, unaandika mkwaju na neno fupi, mfano `/ofisi`, na maandishi yote yanajaa. Hii naipenda kuliko zote maana binadamu ndo anaamua kuituma, mtambo umemsaidia kuandika tu. Ukiwa na shaka kitu kiwe otomatiki au la, kifanye Quick reply.

Hatua ya nne: posti za kupanga mapema, na hapa kaeni vizuri

Posti za kupanga kwenye Planner, ile kalenda ya posti iliyo humo humo Meta Business Suite, ndo zinaokoa muda zaidi kuliko kitu kingine, na ndo zinaaibisha zaidi pia. Zinazofaa ni zile ambazo tarehe yake imekaa: usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kukumbusha kikao ambacho kimeshatangazwa, mechi ambayo ratiba imetoka, kukumbusha watu jinsi ya kutuma tangazo.

Kosa la kwanza ni saa. Simu inahesabu kizungu sisi tunahesabu kwetu. Kijana alipanga posti ya usafi itoke "saa 1 asubuhi" akaweka 1:00 AM, ikatoka saa saba usiku, simu za watu zinalia gizani kwamba beba fagio na koleo. Saa 1 asubuhi ni 7:00 AM, saa 2 usiku ni 8:00 PM. Andikeni kwenye daftari kwa namna zote mbili na kila anayepanga asome kwa sauti kabla ya kubonyeza. Na kama simu mmenunua mtumba angalieni saa ya eneo, iwe ya Afrika Mashariki, GMT+3, sio iliyobaki na saa za huko ilikotoka.

Kosa la pili ni Idd. Hili nililirefusha sana pale kikaoni kwa sababu mji wetu una Ujiji ndani yake, sio mji wa kukosea Idd. Kalenda ya simu inakuandikia Idd ni tarehe fulani, na wewe unapanga posti ya "Idd Mubarak" itoke saa 12 asubuhi siku hiyo, unalala. Mwezi usionekane. Watu wameamka kula daku, wako kwenye funga ya thelathini, peji ya mtaa inawapongeza kwa sikukuu na picha ya pilau. Hii haihitaji maelezo. Sikukuu za mwezi muandamo usizipange, tengeneza posti iwe rasimu, na mtu aibonyeze mwenyewe baada ya tangazo la Mufti. Krismasi panga, tarehe yake haikimbii. Ila hata Krismasi soma hatua ya sita kwanza.

Kosa la tatu ni kitu kilichokwisha ilhali posti bado inaendelea. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Sisi tulikuwa na posti ya kila Jumatatu, "dagaa wa leo Kibirizi, andika bei uliyoikuta", tumeipanga mwezi mzima kwa mara moja tukasahau. Jumatatu mbili baada ya ziwa kufungwa ikatoka vile vile. Wavuvi waliokuwa wamekaa nyumbani bila kazi wakatuandikia maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa, na walikuwa na haki, mtu hana cha kuleta mezani wewe unamwuliza dagaa bei gani. Tangu hapo kila posti ya kupanga ina jina la aliyeipanga na tarehe ya mwisho kwenye daftari, na hatupangi zaidi ya wiki mbili mbele hata kama apu inaruhusu zaidi.

Hatua ya tano: kuchuja matusi, mtambo haujui Kiswahili chetu

Kwenye setingi za peji kuna sehemu ya kuweka maneno ya kuzuia, unaweza kuweka mpaka 1,000. Mtu akikomenti na neno hilo komenti inafichwa yenyewe. Nzuri sana hasa kipindi cha uchaguzi au siku ya Simba na Yanga. Lakini mtambo unaangalia herufi, hauangalii maana. Ukiweka "mjinga" haujui kwamba "wajinga" na "majinga" na "ujinga" ni ukoo mmoja, kila moja lazima uiandike, pamoja na jinsi watu wanavyofupisha. Na upande wa pili, tuliwahi kuzuia neno "mbwa" kwa sababu watu walikuwa wanaitana hivyo, wiki hiyo hiyo kukawa na taarifa ya mbwa anayeshukiwa kichaa anazunguka mtaani na watu wanakomenti kaonekana wapi, komenti zote zikafichwa. Za maana kabisa.

Halafu jua komenti iliyofichwa haijafutwa. Aliyeiandika anaiona na marafiki zake wanaiona, ni wengine tu hawaioni. Kwa hiyo matusi yanaweza kuendelea humo humo ndani kati ya watu watano huku wewe unadhani umesafisha. Weka zamu, kila usiku mtu apitie zilizofichwa, zisizo na kosa azirudishe, zenye shutuma nzito dhidi ya mtu anayetajwa jina azifute kabisa. Kukiwa na ugomvi wa watu wawili mnaowajua msitumie mtambo wala komenti, pigeni simu. Mtu akiambiwa na mdogo wake wa mtaani "kaka, ile komenti naomba uitoe" anaitoa. Akifutiwa kimya kimya anafungua akaunti nyingine.

Hatua ya sita: msiba, na vitu vingine visivyoguswa na mtambo

Hapa ndo nilitumia nusu ya muda wangu. Niwape mfano mzima jinsi tunavyofanya.

Saa nne asubuhi inaingia meseji: "Naomba mtutangazie, baba yetu amefariki leo alfajiri, mazishi kesho." Admini wa zamu anafanya haya kwa mpangilio huu. Kwanza hajibu kwa Quick reply, anaandika pole kwa mkono wake, hata ikiwa na makosa ya herufi. Pili anapiga simu, haandiki, anapiga, anaongea na aliyetuma na anaomba namba ya ndugu mwingine aliyeko msibani, anampigia na huyo. Sio kwamba hatuwaamini, ila tangazo la kifo cha mtu aliye hai limeshatokea sehemu nyingi, na kusambaza taarifa ya uongo ni kosa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na sheria tuiweke pembeni, fikiria mtoto wake yuko Dar anaona baba yake katangazwa kafa. Ndo maana jambo la tatu, kwenye hiyo hiyo simu, ni swali hili: watoto na ndugu wa mbali wameshaambiwa wote? Kama bado, posti inasubiri. Mtu asijue msiba wa baba yake kwa peji.

Nne, jina. Muombe aliyetuma akutamkie jina kamili na lile ambalo mtaa unamjua nalo, maana mzee anaweza kuwa na jina la kitambulisho ambalo hakuna anayemjua nalo hata jirani. Tano, mazishi wapi na saa ngapi, kwa Kiswahili, saa kumi jioni andika saa kumi jioni. Sita, anamsomea ndugu posti nzima kwa simu kabla ya kuitoa. Dakika kumi na tano zote hizo ukichelewa sana.

Saba ndo watu wanaisahau: anafungua Planner na kuangalia kuna nini kimepangwa kutoka leo na kesho. Kama kuna tangazo la bonanza lenye muziki na vigelegele linatoka dakika arobaini baada ya tangazo la msiba wa mzee wa mtaa huo huo, linaonekana kama dhihaka hata kama lilipangwa juzi. Anagusa posti, anabadilisha tarehe au anairudisha kwenye rasimu. Kwa hiyo lazima admini wa zamu awe na ruhusa ya kugusa posti za kupanga, tulikuwa na kipindi ruhusa anayo mtu mmoja tu na yuko shambani Kasulu hana mtandao, tukaangalia bonanza linatoka hivi hivi. Wawe wawili wenye ruhusa, kwa uchache.

Na msiwashe jibu la otomatiki kwenye komenti za posti ya msiba, hata kama apu inakubembeleza. Watu mia wanaandika pole na peji inawajibu wote "Asante kwa maoni yako".

Mtoto aliyepotea ni vile vile, simu kwanza, hakikisha polisi wameambiwa, namba inayowekwa kwenye posti iwe ya mzazi au ya polisi waliyokubali itumike. Tofauti ni kwamba posti ya mtoto ina mwisho wake. Akipatikana, usikimbilie kufuta tu. Hariri posti ile ile, mstari wa kwanza uandike AMEPATIKANA, toa picha yake na jina lake, kwa sababu waliosheya posti yenu watu wao wataona maandishi mapya, ila ukifuta inabaki zile picha za skrini zinazozunguka kwenye magrupu mwaka mzima na hakuna pa kuhakikisha. Picha na jina la mtoto ni taarifa binafsi, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mtoto huyo kesho kutwa ni kijana hataki awe "yule aliyepotea". Siku ya kutoa picha iandikwe kwenye daftari na jina la atakayeitoa.

Michango ya pesa kwa kifupi: namba ya kuchangia isiwe kwenye jibu lolote la otomatiki, kamwe. Namba zinabadilika, matapeli wanakopi muundo wa meseji yenu wanaweka namba yao, na mtu akizoea kwamba peji inatuma namba yenyewe hatauliza tena. Mtu anayetaka kuchangia anaambiwa jina la mweka hazina wa msiba na anapigiwa.

Hatua ya saba: utajuaje imeharibika

Kuna dalili moja mbaya ya WhatsApp. Ukiangalia orodha ya meseji unaona mstari wa mwisho kwa kila mtu, na kama mtambo umejibu, mstari wa mwisho ni wenu. Kwa hiyo kwa macho ya haraka inaonekana mmejibu, unapita. Tulikuwa na watu wa siku nne hivyo. Dawa yake ni lebo, WhatsApp Business inakupa mpaka 20 sisi tunatumia mbili tu: "MTU BADO" na "IMEISHA". Admini akiingia zamu anafungua kila meseji mpya, anaipa lebo, na hatoki zamu mpaka kila yenye MTU BADO imejibiwa au imekabidhiwa kwa mwenzake kwa jina.

Dalili nyingine ni maneno ya watu wenyewe. Wakianza kuandika "kuna mtu hapa?" au alama za kuuliza tatu tatu, au "we roboti nijibu", au wakianza kuja kuuliza dukani kwa admini badala ya peji, basi mmezidisha. Jumapili jioni chukueni mazungumzo kumi ya wiki hiyo bila kuchagua, msome kwa sauti kama vile ni yule aliyeandika. Mkikuta hata moja ambapo mtambo ulijibu kitu ambacho mtu asingejibu, rekebisheni maneno usiku huo huo.

Mwisho wa kikao dada mmoja aliuliza je salamu za siku ya kuzaliwa za memba wa kikundi tuziweke otomatiki, tuko arobaini na mbili hatuwezi kukumbuka wote. Nikamwambia ukumbusho uwe otomatiki, weka kwenye kalenda ya simu ya kikundi ipige kengele saa mbili asubuhi, ila salamu aandike mtu. Akasema sasa kama mwenye zamu hamjui vizuri huyo memba aandike nini? Kabla sijajibu jamaa aliyekaa nyuma akadakia, basi ampigie simu amjue.